Mjerumani kanijibu mistari mitatu, Mjapani kanijibu ukurasa mzima. Nimemwelewa nani?

binti_wa_langoni (mleta uzi)

Assalam aleikum wadau. Niko Lamu, mtaa wa Langoni. Ami yangu na mafundi wake wanne wanashona mifuko ya begani kwa matanga makuukuu ya majahazi. Tanga likishachoka tunalinunua kwa nahodha, tunalifua, tunalianika juu ya dari, kisha linakatwa. Barua zote za wanunuzi naandika mimi, kwa Kiingereza.

Msimu huu wageni watatu walipita kiwandani wakaacha kadi. Mmoja ni mama wa Kijerumani mwenye duka Hamburg. Wa pili ni bwana wa Kijapani wa kampuni ya kuagiza bidhaa, Osaka. Wa tatu ni mama wa Kiitaliano, msanifu majengo anayepamba hoteli, ana nyumba Malindi. Mjerumani na Mwitaliano waliniambia kwa vinywa vyao, "Nitumie picha." Mjapani aliitoa kadi kwa mikono miwili, akainama, akenda zake.

Nikawaandikia wote barua moja pamoja na picha, nikabadilisha majina na maneno machache tu. Kwa Kiswahili ilikuwa hivi: "Habari yako rafiki yangu! Natumai wewe na familia yako hamjambo. Sisi huku Lamu tu wazima. Tuna mifuko mizuri sana kwa bei nzuri, dola 18. Ukipenda niambie mapema kabla haijaisha."

Mjerumani alijibu kesho yake: "Asante. Tafadhali tuma vipimo, uzito, bei ya mifuko 50 na muda wa kutengeneza. Picha ya 3 na ya 5 rangi si moja. Kwa nini?" Basi. Hakuna hujambo. Niliona kakasirika. Nikaomba radhi mara mbili na kushusha bei hadi dola 14. Akarudisha mstari mmoja: "Bei sahihi ni ipi?"

Mjapani alijibu baada ya siku tisa, ukurasa mzima wa shukrani. Kasifu mji, kasifu mafundi, kashukuru kahawa aliyonyweshwa. Mwishoni: "Kuhusu idadi, kwa wakati huu ni vigumu kidogo. Tutalitafakari suala hili ndani ya kampuni." Nilifurahi, nikamtumia ujumbe mara tatu wiki ile kumuuliza wameamuaje. Kimya mpaka leo.

Mwitaliano nilimwanzia "Ciao" na jina lake la kwanza, kwa kuwa Malindi kila mtu ni ciao. Alijibu "Buongiorno" na kuniambia niwasiliane na karani wake.

Nimekosea wapi? Na je, kila mtu aandikiwe namna yake?

bei_ni_bei

Dola 18 kwa mfuko wa tanga kuukuu ni nyingi. Anza na 12 utaona wote wanakujibu. Hata mimi vinyago vyangu nilivyoshusha vilitoka.

binti_wa_langoni

Ahsante, lakini sikuuliza bei. Nauliza namna ya kuwaandikia. Na kwa Mjerumani kushusha ndiko kulikoniharibia.

mzee_wa_kofia

Mwanangu, mimi nauza kofia za viua Maskati mwaka wa kumi na moja huu. Sikubaliani na hayo ya kila mtu na barua yake. Mtu ni mtu, salamu kwanza. Ujumbe wangu wa kwanza kwa mnunuzi mpya hauna biashara hata chembe. Namsalimu, namuuliza afya, namtajia aliyenipa namba yake, naye ni lazima awe mtu anayemheshimu. Basi. Wa pili akiniuliza mwenyewe, "Na kofia vipi?", ndipo natuma picha. Ramadhani natuma mkono wa heri, sitaji deni. Ijumaa simsumbui mtu.

Wengi wa wateja wangu kule wanazungumza Kiswahili, wazee wao walitoka Unguja. Naandika "Mzee wangu mheshimiwa", siandiki jina tupu. Sijawahi kupoteza mteja kwa sababu ya salamu ndefu. Mjerumani naye angesalimiwa vizuri angelainika.

karani_wa_forodhani

Salaam binti, na shikamoo mzee wa kofia.

Nimeandika barua za kampuni za kuuza nje pale Mombasa kwa zaidi ya miaka ishirini, kahawa kwanza, baadaye kazi za mikono. Mzee amesema kweli tupu kwa Maskati. Kwa Hamburg hapana, na sababu yake haihusu tabia njema au mbaya.

Binti, umechanganya vitu viwili, na karibu kila mtu wa pwani huvichanganya. Kimoja ni heshima ya kumwita mtu: jina gani, cheo gani, "wewe" ya aina gani. Cha pili ni kama neno lenyewe linasemwa waziwazi au linazungushwa. Kwetu vinakwenda pamoja: unayemheshimu unamzungushia, uliyemzoea unamwambia wazi. Kwa Mjerumani vimeachana. Ataitwa kwa jina la ukoo na Bi au Bwana mbele yake, na akiwa na udaktari wa chuo utautaja, hata mkiandikiana mwaka mzima. Lakini neno lenyewe analitaka mbichi. Mholanzi naye analitaka neno bichi, ila mara nyingi barua ya pili tu ameshatia sahihi kwa jina la kwanza. Mjapani anataka heshima ya kumwita na neno la kuzungushwa pia, kama sisi. Kwa hiyo ukiniambia "huyu ni wa moja kwa moja, yule ni rasmi", sijajua bado nimwandikie nini. Mjerumani ni vyote viwili.

Sasa itazame barua yako kwa macho yake. Umemwita "rafiki yangu" na mmeonana mara moja. Hapo heshima imepungua. Umesema "mizuri sana, bei nzuri" na hukutoa kipimo hata kimoja. Hapo neno limezungushwa. Umemkosea pande zote mbili kwa barua moja.

Na jibu lake halikuwa hasira. Mtu asiyetaka kitu hahesabu picha. Aliyegundua kwamba ya 3 na ya 5 zina rangi mbili amekaa nazo, pengine amezitandaza mezani. Lile "Kwa nini?" ni swali tu, anataka sababu aende akamweleze mteja wake dukani. Wewe ukaomba radhi, naye akawaza: kumbe kuna kosa. Ukashusha dola 4 bila kuombwa, akawaza: basi ile 18 haikuwa bei ya kweli. "Bei sahihi ni ipi?" ndilo swali zito kuliko yote aliyokuuliza. Lijibu leo.

mzee_wa_kofia

Marahaba karani. Kwa hiyo nisimsalimu?

karani_wa_forodhani

Msalimu mzee, mstari mmoja. Familia yake usiiulize, kwa mtu mliyeonana mara moja ataona umeingia ndani bila hodi.

kijana_wa_casuarina

Naomba nisaidie la Mwitaliano. Mimi ni wa Malindi, nimefanya kazi mahotelini barabara ya Casuarina tangu nimalize shule, Kiitaliano nakizungumza kama maji. Waitaliano ni watu wa furaha, hawataki urasmi. Wako huku tangu siku za mradi wa San Marco pale Ngomeni, miaka ya 60, wameshakuwa wenyeji. Wewe mwandikie Kiitaliano badala ya Kiingereza, hapo moyo wake utafunguka. "Ciao bella, come stai" na picha. Huyo alikuwa na siku mbaya tu.

karani_wa_forodhani

Kijana, nusu umepata. Kumwandikia kwa lugha yake kunasaidia kweli, na uchangamfu wanao. Lakini Kiitaliano cha Malindi tumekiokota kwa masikio ufukweni na baa, nacho ni cha "tu", ile "wewe" ya mtoto, rafiki na mtu wa nyumbani. Barua ya kazi kwa mtu usiyemzoea inakwenda kwa "Lei", na vitenzi vyote vinageuka kuifuata. "Come stai" ni ya tu. Ya Lei ni "Come sta". Herufi moja tu, ila msomaji anaisikia kama sisi tunavyosikia kijana akimwambia mzee "mambo" badala ya shikamoo.

Kisha kuna cheo. Italia mwenye digrii huitwa Dottore au Dottoressa hata kama si daktari wa hospitali, na mwanasheria, mhandisi na msanifu majengo kila mmoja ana cheo chake kinachotangulia jina. Binti, itazame kadi. Ikiwa kabla ya jina pameandikwa Arch., barua inaanza "Gentile Architetto" na jina la ukoo. Siku hizi baadhi ya wanawake wanapenda "Architetta", wengine hawaipendi kabisa. Mimi hufuata anavyoandika mwenyewe chini ya barua yake.

Na lile "Buongiorno" lilikuwa jibu. Ukimwanzia mtu ciao akarudisha buongiorno, amekurudisha hatua moja nyuma kwa adabu. Hajafunga mlango. Angetaka kuufunga asingekupa anwani ya karani.

kijana_wa_casuarina

Mimi nimewauzia watu safari za Marafa na mbuga ya Tsavo kwa ciao miaka yote, hakuna aliyelalamika.

karani_wa_forodhani

Wako likizo, wamevaa kaptula. Mtu huyohuyo akirudi ofisini kwake Milano ni mtu mwingine. Mdomoni na ufukweni endelea kama ulivyo.

mama_wa_ukindu

Ngojeni, mimi nina swali kuhusu Mjapani maana nami ninaye mmoja, ananunua vikapu vyangu. Yuko Nairobi, tunaandikiana WhatsApp, anaweka vikatuni, ananiita "mama", hana urasmi wowote. Kwa hiyo haya ya kuinama mbona siyaoni? Naona mnawapanga watu kwa paspoti zao.

karani_wa_forodhani

Mama, una haki, na sina jibu kamili. Mtu aliyekaa Nairobi miaka anaandika kama Nairobi. Duka dogo la kijana Tokyo linaweza kukuandikia bila urasmi mwingi. Nchi inakusaidia kwa barua ya kwanza tu, kabla hujamjua mtu. Kuanzia ya pili unafuata yeye anavyoandika: namna alivyotia sahihi, urefu wa barua yake, salamu ameweka au hakuweka. Na usimtangulie kushuka. Yeye akitia sahihi kwa jina la kwanza, nawe utalitumia, si kabla.

Ila huyu wa binti yuko Osaka katika kampuni ya uagizaji, na barua yake ni ya mtindo ule wa zamani hasa.

Binti, "ni vigumu kidogo" kwa Kijapani cha biashara mara nyingi ni hapana. Na "tutalitafakari", likikaa peke yake bila tarehe na bila swali, ni hapana iliyofungwa kitambaa. Ninavyopima ni hivi: tafuta kama kuna kitu chochote kinachokurudishia kazi. Ameuliza kipimo? Ametaja mwezi? Ameomba sampuli? Kikiwepo kimoja, jambo liko hai, linazunguka ofisini kutoka meza hadi meza kutafuta kibali cha kila mhusika, na hilo linaweza kula wiki kadhaa. Kisipokuwepo, alikukatalia kwa heshima, na zile jumbe tatu zilikuwa zinamlazimisha alitamke lile alilojitahidi asilitamke. Hilo ndilo lililomnyamazisha.

mzee_wa_kofia

Hii naijua! Maskati ni "inshallah". Ikija na siku, "Jumatatu inshallah", mzigo unafunga. Ikija peke yake, "inshallah kheri", huyo hanunui, na ukimuuliza tena umemwaibisha. Kumbe Mjapani ni mtu wa kwetu.

karani_wa_forodhani

Umelisema vizuri kuliko mimi, mzee. Hata Lamu fundi akikwambia "tutaangalia" unajua hatakuja. Sikio la kumsikia Mjapani unalo tayari, binti. Kinachokupa taabu ni Mjerumani, kwa sababu kwetu kumtajia mtu kasoro ya bidhaa yako na bei kavu ni kama kumvunjia heshima.

binti_wa_langoni

Nimerudi kuisoma tena barua ya Mjapani. Kuna sentensi niliipita: "Mteja wetu huuliza kama ukubwa wa kila mfuko ni sawa." Nilidhani ni maneno tu ya kujaza.

karani_wa_forodhani

Hilo ndilo swali lenyewe! Liko hai basi, au lilikuwa hai. Alisema idadi ni vigumu. Wewe ulimtajia ngapi?

binti_wa_langoni

Kwenye barua yake niliongeza mstari, kwamba tunaanzia mifuko 100.

karani_wa_forodhani

Basi alichokataa ni 100. Mifuko hajaikataa. Hana namna ya kukwambia "ziwe 20", kwa kuwa ingekuwa kama anakuamuru. Fungua mlango wewe.

Nenda kiwandani kachukue mifuko kumi, ipime yote upana na kimo, uniletee namba hapa. Usiseme "takriban".

binti_wa_langoni

Nimepima na ami. Upana, mdogo kabisa sentimita 37, mkubwa 39.5. Kimo 41 hadi 43. Uzito gramu 480 hadi 560, maana matanga mengine ni mazito. Rangi ya picha ya 5 ni alama ya kutu, pale tanga lilipogusa chuma. Ami anasema haifuliki.

karani_wa_forodhani

Namba hizo ndizo barua zako zote tatu. Andika rasimu nizione.

hodi_hodi

Kabla hajatuma, jambo moja la Ujerumani. Sheria yao ya kuzuia ushindani usio wa haki, UWG, kifungu cha 7, inahesabu tangazo la barua pepe kuwa usumbufu kama mpokeaji hakukubali mapema waziwazi, na hii inashika kampuni pia, si watu binafsi peke yao. Kaka yangu yuko Bremen, aliwatumia maduka thelathini orodha ya bei ya viungo kwa barua pepe, akapokea onyo la wakili lenye gharama. Barua ya karatasi kwa posta haina shida hiyo.

karani_wa_forodhani

Ni kweli, na wengi hawalijui. Huyu wa binti alisema mwenyewe "nitumie picha" na sasa anauliza bei, kwa hiyo kumjibu ni halali. Hifadhi barua yake. Lakini usichukue majina ya maduka ya Hamburg mtandaoni ukayamwagia barua pepe.

binti_wa_langoni

Rasimu ya Mjerumani, nimeitafsiri:

"Bi (jina la ukoo), ahsante kwa barua yako. Bei sahihi ni dola 18 kwa mfuko. Dola 14 niliyoandika baadaye ilikuwa kosa langu. Majibu ya maswali yako: 1. Upana sm 37 hadi 39.5, kimo sm 41 hadi 43. 2. Uzito gramu 480 hadi 560. 3. Mifuko 50, dola 17 kila mmoja, bila usafiri. 4. Wiki 6 tangu malipo ya nusu. 5. Rangi ya picha ya 5 ni alama ya kutu kutoka kwenye jahazi, haitoki. Samahani sana kwa hilo, natumai hutakasirika."

Ya Mjapani:

"Bwana (jina la ukoo), wa kampuni (jina). Mimi ni mwandishi wa barua wa kiwanda cha mifuko ya matanga, Lamu, ulikotutembelea mwezi wa Januari. Tunakushukuru kwa barua yako ya heshima, na tunaomba radhi kwa kukuandikia mara nyingi ulipokuwa na kazi. Kuhusu ukubwa alioutaja mteja wenu, tumepima mifuko kumi na tumeambatisha karatasi ya vipimo. Tunaweza kukata kwa kiolezo ili tofauti isizidi sentimita 1. Tunaelewa kwamba idadi ya 100 ilikuwa kubwa. Endapo itawafaa, tunaweza kuandaa idadi ndogo ya majaribio. Hakuna haraka ya kujibu."

karani_wa_forodhani

Umeandika vizuri. Kwa Mjerumani futa sentensi ya mwisho yote. Weka badala yake: "Mifuko yenye alama tunaweza kuitenga. Unaitaka au huitaki?" Ukimuuliza hivyo utajisikia umekuwa mkavu, lakini yeye atakushukuru. Pengine ataitaka, maana alama hiyo ndiyo inayothibitisha kwamba tanga lilisafiri.

Kwa Mjapani, je ami anaweza kweli sentimita 1? Usiandike jambo kwa sababu linapendeza. Kule ukiahidi 1 ikatoka 1.5, wataupima kila mmoja na hutapata barua ya kukulaumu, utakosa tu oda ya pili. Ile karatasi ya vipimo iwe ukurasa mmoja uliosimama wenyewe, pamoja na mchoro, kwa kuwa ndiyo itakayozunguka meza zao na wewe hutakuwepo kuieleza. Jina lake hakikisha lipi ni la ukoo, kwenye kadi mara nyingi limeandikwa kwa herufi kubwa. Ukiongeza lile neno la heshima "-san" liwe kwake. Jina lako mwenyewe usilitilie san kamwe, nimeona vijana wakifanya hivyo.

mama_wa_ukindu

Na akiandika kwa Kijapani kabisa kwa zile tafsiri za simu?

karani_wa_forodhani

Nisingefanya. Kijapani kina ngazi za heshima ndani ya kitenzi chenyewe, na ukiwa hukisomi hutajua umeangukia ngazi ipi. Kiingereza kilichonyooka na chenye adabu ni salama zaidi.

binti_wa_langoni

Ami anasema sentimita 1 anaweza kwa upana, kwa kimo hapana, kwa sababu anafuata mshono wa tanga. Nimeandika hivyohivyo, upana 1, kimo 2, na sababu yake. Zote mbili zimetoka leo asubuhi.

(Siku nne baadaye) Mjerumani kajibu: "Ahsante, wazi kabisa. Mifuko 30 sasa. Yenye kutu 10, tafadhali." Mistari miwili, na safari hii sikuumia. Mjapani bado, nami sijamgusa. Mwitaliano nimemwandikia kupitia karani wake, "Gentile Architetto" juu na Lei ndani, kijana wa Casuarina alinisaidia vitenzi na yeye mwenyewe aliuliza kwa mwalimu. Karani wake huyo kaniambia ofisi inafungwa mwezi wote wa Agosti, nirudi Septemba.

Karani wa forodhani, swali moja la mwisho. Huyu Mjerumani safari hii katia sahihi kwa jina la kwanza, lakini juu kaniita Bi na jina la ukoo. Nimfuate juu au chini?

karani_wa_forodhani

Juu. Subiri barua moja zaidi.

mzee_wa_kofia

Mimi ningemfuata chini.